Uzi: Katika hadithi ya ngoma ya zimwi, ni nani hasa anayemshinda zimwi?

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, habari za jioni. Wapwa zangu watatu wamekuja likizo, mkubwa ana miaka 10 na mdogo ana 5, na kila usiku hawalali mpaka wapate hadithi. Jana niliwapa ile ya zimwi na ngoma, kama alivyonisimulia marehemu bibi yangu huko Pangani, na mkubwa akanikwamisha.

Naiweka kwa kifupi kwa wasioijua. Wasichana walikwenda pwani maji yalipokupwa, wakaokota simbi na makombe. Mmoja akapata kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya jiwe lisije likavunjika, akaendelea kuokota. Walipokuwa njiani kurudi akakumbuka kwamba kombe amelisahau. Akawaomba wenzake warudi naye, wakakataa. Akarudi peke yake, anaimba ili asiogope. Kumbe juu ya lile jiwe amekaa zimwi. Zimwi akasema, "Wimbo wako mtamu, sogea niusikie." Akaimba, akaambiwa asogee tena. Mara ya tatu akakamatwa, akatiwa ndani ya ngoma.

Tangu siku hiyo zimwi akawa anakwenda kijiji hadi kijiji: nipikieni nile, nami niwapigie ngoma ambayo hamjapata kuisikia. Akipiga, mtoto anaimba. Siku moja akafika kijiji chao. Wazazi wakaijua sauti. Wakamlisha, wakamnywesha, akalala fofofo. Wakamtoa mtoto, wakatia nyuki, siafu na nyoka. Kesho yake zimwi akapiga ngoma kijiji cha pili, kimya. Akaifungua, ikawa ndio mwisho wake.

Mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, kwani yule msichana alifanya nini? Waliomshinda zimwi si baba na mama?" Nikakosa jibu. Kwenye hadithi nyingine mtoto anamsukuma zimwi ndani ya chungu, anamdanganya, anakimbia. Huyu amekaa tu gizani. Je, kwenu hadithi hii inasimuliwaje? Kuna hila ya mtoto ambayo mimi nimeisahau? Na wimbo pia sina. Nimebaki na "kombe langu, kombe langu", basi.

Kijana wa Kisauni

Mkuu, mbona kuna hadithi nzuri zaidi ya hiyo? Wape ya Nunda mla watu. Yule ndiye zimwi mkubwa kuliko wote wa pwani hii, na aliuawa na mtoto mdogo wa sultani. Mtoto anakwenda msituni, anaua mnyama, anamkokota mpaka nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba amemuua Nunda. Mama anamwambia, mwanangu siye huyo. Anarudi tena, anaua mkubwa zaidi, siye. Mpaka tembo kaua, bado siye. Mwisho anampata mwenyewe. Hapo hakuna baba wala mama wa kumsaidia. Mpwa wako atatulia.

Halafu kumbuka kwamba zimwi ni jini tu kwa jina la kienyeji, kwa hiyo wazee wa zamani walijua namna ya kumfukuza. Ndiyo maana watoto hawakuhitaji hila nyingi.

Babu wa Ngazija Mtaani

Kijana, hadithi umeikumbuka vizuri, ila umeijibu kwa swali jingine. Mwenzio ameuliza kuhusu ngoma.

Na Nunda si zimwi. Nunda alikuwa paka wa sultani. Alianza kwa kula mifugo, na kila aliyekwenda kushtaki aliambiwa na sultani: paka ni wangu na mbuzi ni wangu. Alipowageukia watu, na watoto wa sultani mwenyewe, ndipo ikajulikana kwamba si paka tena. Hadithi hiyo iliandikwa Unguja na Askofu Steere na kuchapishwa mwaka 1870, na inafaa kusimuliwa. Lakini Nunda hasemi na mtu. Huwezi kumdanganya asiyesema. Zimwi anasema, anabembeleza, anaomba wimbo, na hapo ndipo mtoto anapopata pa kumshikia.

Jini nalo ni jambo lingine. Jini limekuja na dini na vitabu. Neno zimwi lina shina moja na mzimu na kuzimu, nalo ni la zamani sana kwa makabila mengi ya Kibantu. Mkikuyu anamwita irimu, Mchaga vilevile, Mkamba anasema eimu, na ukishuka hadi kwa Wazulu utakuta izimu. Wote hao wanakula watu, na wote wanapumbazwa na watoto. Kama angekuwa jini angekuwa na elimu. Zimwi hana elimu, ana njaa.

Swali la mpwa wako ni zuri sana, Mjukuu. Nitalirudia nikipata nafasi, nataka kwanza niwasikie wanawake, maana hadithi hii ni yao. Mimi niliipata kwa shangazi, si kwa babu.

Bi Likoni

Mwanangu Mjukuu, bibi yako alikuwa nao wimbo wote, ni wewe uliyelala kabla haujaisha.

Kwetu wimbo una sehemu mbili, na usipojua hivyo hadithi yote inakuwa kama unavyoieleza, mtoto amekaa tu. Sehemu ya kwanza mtoto anaiimba kila kijiji:

*Kombe langu, kombe langu,*
*nililiweka mwambani.*
*Wenzangu wakanikana,*
*nikarudi peke yangu.*
*Sasa nimo, sasa nimo,*
*mna giza, mna ngozi.*

Vijiji vyote wanaucheza. Wanasema ngoma tamu hii! Hakuna anayeuliza kwa nini ngoma inasema imo gizani. Marehemu mama alikuwa akifika hapo ananyamaza kidogo anatutazama, na sisi watoto tunapiga kelele "Yumo ndani! Yumo ndani!" kana kwamba wale wanakijiji watatusikia.

Sasa, mtoto hajui yuko wapi. Haoni. Lakini anasikia. Kila wakiingia mahali anasikiliza: jogoo, mchi wa kinu, maji, watu wanavyosalimiana. Siku ile akasikia kapi ya kisima inalia, na ni kilio anachokijua, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akitumwa kuteka maji pale kila asubuhi. Zimwi alipopiga ngoma, akaongeza mistari miwili ambayo hakuwahi kuiimba popote:

*Kwetu pana mkunazi,*
*na kisima chini yake.*

Zimwi anasikia mti na kisima, miti na visima viko kila mahali. Mama yake aliyesimama kwenye mkunazi wake, pembeni ya kisima chake, anasikia mwanawe anamwita. Hiyo ndiyo hila, mwanangu. Kaituma barua mbele ya macho ya mwizi.

Mjukuu wa Pangani

Bi Likoni, shikamoo, na ahsante sana. Nimesoma nikasisimka. Mistari ya mwisho sijapata kuisikia kabisa, lakini mkunazi bibi aliutaja, nakumbuka niliuliza mkunazi ni mti gani.

Fundi Ngoma

Nami niingie, maana kazi yangu ni kuchonga na kuwamba, na hadithi hii nimeifikiria mara nyingi nikiwa na patasi mkononi.

Kwanza, ngoma yenyewe. Si chapuo, chapuo hata paka haenei. Inabidi liwe gogo kubwa, lililowambwa ngozi juu na lenye kitako cha kuzibwa kwa ubao au kitambaa ili mtoto asionekane, lakini hewa iingie. Ngoma iliyowambwa pande zote mbili bila tundu, mtoto hapumui, na sauti yake haitoki ikasikika maneno. Wasimulizi wengine husema pipa, nao hawakosei, pipa lililowambwa ngozi linalia vizuri.

Pili, namna ya kumtoa. Ukisema "wakamtoa mtoto" unapita haraka mahali penye kazi. Ngozi imeshikwa kwa vigingi vya mti vilivyopigwa pembeni. Kuving'oa bila kupasua ngozi na bila kugonga ni kazi ya taratibu, kigingi kimoja kimoja. Kisha ngozi ikishalegea huwezi kuirudisha kavu ikakaza. Unailowesha, unaivuta, unairudishia vigingi, halafu unaipasha moto mpaka ilie. Hiyo ni kazi ya usiku kucha. Ndiyo maana zimwi lazima alishwe sana na anyweshwe tembo la kutosha. Baba yangu alipoisimulia alikuwa akihesabu vigingi: kigingi cha kwanza, zimwi kakoroma, kigingi cha pili, zimwi kageuka ubavu, wote kimya, kigingi cha tatu. Watoto walikuwa hawapumui.

Tatu, nyuki. Watu huuliza mbona nyuki hawakuwauma wazazi. Mzinga huhamishwa usiku, kwenye baridi na giza nyuki hawaruki ovyo, na moshi kidogo unawatuliza. Asubuhi zimwi anabeba, nyuki wananung'unika chini chini, yeye anadhani mtoto analia. Akifika anapiga, hakuna wimbo. Anakasirika anapiga kwa nguvu zaidi. Na nyuki wakitikiswa hupandwa na wazimu. Kwa hiyo kadiri anavyolazimisha ngoma iimbe ndivyo anavyowaandaa. Anapoifungua kumkanya mtoto, uso wake uko juu ya tundu.

Angeinyamazia ngoma ile siku hiyo, akaiweka chini, asingekufa.

Kijana wa Kisauni

Fundi, hiyo ya vigingi sikuwahi kuifikiria. Naifuta kauli yangu ya jini, Babu yuko sahihi. Lakini kwa Nunda bado nina neno moja. Kabla ya Nunda, hadithi ile inaanza na mtende wa sultani unaoliwa tende na ndege kila mwaka. Kaka sita walikwenda kulinda, wakalala. Yule mdogo, ambaye wote walimwona wa kukaa jikoni tu, alikwenda na mahindi na mchanga. Usingizi ukimjia anautia mchanga mdomoni, meno yakisaga mchanga huwezi kulala. Akamkamata ndege. Sasa ukitazama na hadithi ya ngoma, ni jambo moja: anayelala ameshindwa. Kaka wamelala, zimwi kalala. Mtoto ndiye aliye macho.

Babu wa Ngazija Mtaani

Hapo umesema, kijana wangu. Na hilo la usingizi limeenea kuliko unavyodhani. Nani ana ile ya zimwi anayewalaza watoto nyumbani kwake akingoja walale awale?

Mwalimu wa Darasa la Nne

Ninayo, Babu, na nimeisimulia darasani zaidi ya mara 10.

Watoto wamepotea, usiku umeingia, wanakuta nyumba ya bibi mwema anayewakaribisha. Mdogo wao, mwenye upele ambaye wenzake hawakutaka afuatane nao, anaona kitu ambacho wengine hawakioni: chungu ni kikubwa kuliko chakula. Usiku zimwi ananong'ona, "Nani amelala, nani yuko macho?" Wote kimya isipokuwa yeye. "Mimi niko macho, bibi." "Kwa nini hulali, mjukuu wangu?" "Nyumbani, mama hunipa maji ndipo nilale." Analetewa maji. "Si haya. Mama huniletea maji ya mtoni, ya kutekwa kwa tenga." Zimwi anachukua tenga, anakwenda mtoni, anateka, yanavuja, anateka tena. Wakati huo mtoto anawaamsha wenzake.

Watoto wa darasani hucheka sana hapo, lakini nikawauliza: kwa nini zimwi alikubali kwenda? Mmoja akajibu, "Kwa sababu amesema yeye ni bibi. Bibi hawezi kumkatalia mjukuu maji." Sikuwa nimelifikiria. Zimwi ameshajivika ubibi, na mtoto anamshika kwa ubibi huohuo. Akikataa, amejifichua kabla ya wakati wake. Nikamtazama yule mtoto nikaona anaijua hadithi kuliko mimi.

Hata ile ya chungu iko hivyo. Zimwi anamwambia mtoto apande ukingoni mwa chungu acheze. Mtoto anasema, "Sijui, nionyeshe kwanza." Kama zimwi angesema wazi "nataka kukutumbukiza", isingewezekana. Lakini amesema ni mchezo, na mwenye mchezo ndiye anayetakiwa kuufundisha. Anapanda, anasukumwa.

Ila nina tatizo moja na hii ya ngoma, na ningependa mnisaidie. Darasani kwangu msichana mmoja aliniuliza kwa nini yule mtoto asipige kelele tu kijiji cha kwanza, "Nisaidieni, nimefungwa humu". Watu wamejaa, zimwi yuko peke yake. Nilimwambia tutalizungumza kesho, na kesho yenyewe nikalikwepa.

Bi Likoni

Mwalimu, mama alilijibu hilo ndani ya hadithi. Siku ya kwanza zimwi alimwambia, "Nikipiga, imba. Ukisema neno lisilo wimbo nitakutafuna mbele yao." Na watu wa kijiji kile si ndugu zake. Wamekwisha kupika na kukaa kitako, wanataka ngoma.

Babu wa Ngazija Mtaani

Sasa nilirudie swali la mpwa.

Zimwi katika hadithi hii ana kosa moja tu, na analifanya tangu kule mwambani. Anasikia utamu, hasikii maneno. Tazameni: mtoto alikuja akiimba kwamba amesahau kombe lake, kwamba yuko peke yake, kwamba wenzake wamemwacha. Ni kilio kile. Zimwi akasema "wimbo wako mtamu". Angekuwa na sikio la maneno angejua mtoto huyu ana kwao, na ana watu ambao siku moja watalisikia neno "kombe" na kukumbuka siku ile. Kila kijiji alichokwenda aliitangaza siri yake mwenyewe, na akalipwa wali.

Mtoto alilijua hilo. Alikatazwa kusema, hakukatazwa kuimba. Akautia usemi ndani ya wimbo. Kwa hiyo mwambie mpwa wako: wazazi walifungua ngoma, lakini aliyemleta zimwi mpaka mlangoni akiwa hajui kwamba amekamatwa ni msichana. Bila mistari ile miwili ya Bi Likoni mama angecheza ngoma kama wengine.

Pia hakuliwa. Watu hutaja zimwi likujualo halikuli likakwisha, wakadhani ni huruma. Huyu hakumla kwa sababu kila wimbo ni sahani. Mtoto aliona kwamba sauti yake ndiyo uhai wake, na akaimba vizuri kwa makusudi. Ukimsimulia mtoto wa miaka 10 hilo, ataelewa.

Mjukuu wa Pangani

Babu, shikamoo. Nimelielewa vizuri. Nina jingine dogo: niseme "zimwi akamwambia" au "zimwi likamwambia"? Nimejikuta nachanganya, na mpwa wangu anasoma shule yenye mwalimu mkali wa ngeli.

Mwalimu wa Darasa la Nne

Darasani tunafundisha kwamba kiumbe mwenye uhai anafuata a- na wa-. Lakini methali yenyewe inasema "likujualo", na hakuna aliyeisahihisha. Mimi hutumia zote mbili kwa mpango. Akiwa amejifanya bibi au mgeni mwema, ni "akasema". Mdomo ukifunguka, ni "likafungua mdomo". Watoto wanasikia mabadiliko hayo hata kabla hujaeleza meno yake.

Fundi Ngoma

Baba naye alikuwa hivyo, ila nadhani hakujua kwamba anafanya. Usiku ule wa vigingi ilikuwa "limekoroma", kamwe si "amekoroma".

Mshambaa wa Lushoto

Nimewasoma wote kwa utulivu. Mmesimama nyuki walipomuuma, lakini zimwi hajaisha. Hamna sehemu ya boga?

Pale alipofia zimwi paliota mmea wa boga, ukazaa maboga makubwa mazuri. Watoto wakapita, wakasema tuleteni upanga tulipasue hili. Boga likakasirika, likaanza kuwafukuza, linabingirika nyuma yao. Wakakimbia mpaka kijiji ambako wazee wamekaa barazani, wakasema tuficheni, zimwi limegeuka boga linatufuata. Wakafichwa. Boga likaja, likauliza kwa adabu kama wamewaona watumwa wake waliotoroka. Wazee wakasema hatuwajui. Likasema mmewafungia ndani. Wakalikamata, wakalichoma, na majivu wakayatupa. Hapo ndipo zimwi alipokwisha.

Na kwetu Usambaa tuna boga jingine, lililokua na kumeza watu wa kijiji kizima, akabaki mwanamke mmoja mjamzito. Akazaa mvulana. Mvulana akakua, akauliza baba yangu yuko wapi, akaambiwa ameliwa na boga. Akaenda na mishale yake, akalipiga, akalipasua, watu wakatoka hai. Nina hakika hizi mbili ni hadithi moja iliyokatwa.

Babu wa Ngazija Mtaani

Mshambaa, la boga lililozaliwa na zimwi nalijua na ni la hukuhuku pwani, umelisimulia sawasawa. La boga lililomeza kijiji ni la kwenu na ni zuri sana. Kwamba ni moja, sikubali haraka. Boga la kwanza linafukuza na kudai watumwa, halimezi mtu. La pili linameza na halijifanyi mtu yeyote. Kama nilivyosema juu ya Nunda, anayemeza bila kusema huuawa kwa mishale, anayesema huuawa kwa hila. Hata hivyo hilo la pwani linaharibu kanuni yangu kidogo, maana limesema kwa adabu na likachomwa kwa nguvu.

Mshambaa wa Lushoto

Babu, limesema, na wazee nao wakalidanganya kwanza. "Hatuwajui." Kanuni yako imesimama nusu.

Bi Likoni

Mama hakuisimulia boga kamwe. Alisema ukiongeza boga, mtoto haendi chooni usiku. Usimpe huyo wa miaka 5, Mjukuu.

Mjukuu wa Pangani

Bi Likoni, umechelewa kidogo, nimeiweka boga jana usiku.

Nilianza na paukwa, wakajibu pakawa, nikazima taa ya sebuleni nikabakiza ya ukumbini. Nilitumia wimbo wa Bi Likoni kwenye sinia lililogeuzwa, kila kijiji nikapiga na wao wakaimba. Kijiji cha tatu nikaongeza mkunazi na kisima bila kueleza chochote. Mkubwa, yule wa swali, akanyanyuka kitandani: "Amefika kwao! Anamwambia mama yake!" Kisha vigingi vya Fundi, tukavihesabu mpaka saba, wakiwa wameziba midomo kwa mikono. Nilipofika nyuki nilipiga sinia taratibu, halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi, wa kati akanishika mkono nisipige tena.

Boga hawakuliogopa. Walikuwa upande wa wale wazee wa barazani, wakijibu kwa pamoja "Hatuwajui!"

Lakini mdogo hakulala. Saa nne usiku amekuja kuniamsha kuuliza kama lile kombe bado liko kwenye jiwe. Sikujua nimjibu nini, nikamwambia nitauliza. Bi Likoni, kwenu lilikwenda wapi?

Bi Likoni

Mwanangu, kwetu mama mtu alikwenda kulichukua. Alingoja bamvua, maji yalipokupwa sana akaenda na wanawake wengine saba, wote wanaimba, wakalikuta limejaa mchanga. Akalisafisha akalitundika juu ya mlango kwa ndani. Mwambie liko hapo.

Fundi Ngoma

Kwetu lilichukuliwa na maji. Lakini mwambie la Bi Likoni.